Biharusi, Kabla Hujalaumu Kidevu Chako, Tazama Unavyoshika Simu

Leo tuna neno na maharusi, na hasa wale ambao nikaha yao iko karibu na kila wakijitazama kwenye picha wanaona kidevu cha pili ambacho mwaka juzi hakikuwepo.

Alitujia mwari mmoja, zimebaki wiki sita afunge ndoa. Mwembamba wa kiasi, uso wake wa duara, hana tatizo lolote tuliloliona sisi. Akafungua simu akatuonyesha picha aliyopigwa na binamu yake siku ya kuvishwa pete. Amekaa kwenye kochi, ameinama kidogo, anacheka, na chini ya kidevu pana mkunjo mnene unaoungana na shingo kama vile taya halina mwisho. "Hii ndiyo sura yangu," akasema, na machozi yako karibu. Alikuwa tayari ameshanunua mkanda wa kubana kidevu usiku na ubani mgumu wa kutafuna unaouzwa kwa ahadi ya kuchonga taya. Sasa alikuwa anataka kutoa sehemu ya mahari yake akachomwe sindano ya kuyeyusha mafuta, kwa mtu aliyemuona mtandaoni.

Sisi tulimwambia jambo moja: subiri kwanza tujue kama hicho unachokiona ni nyama au ni mkao. Kwa sababu tumewapamba wasichana wengi, na tumeona mara nyingi kwamba kinachoitwa kidevu cha pili kinakuja na kuondoka kwa namna mtu anavyobeba kichwa chake. Na wengi wetu siku hizi tunakibeba kichwa vibaya kwa sababu ya kitu kimoja tunachokishika mkononi tangu alfajiri mpaka usiku.

Kuna nini chini ya kidevu

Chini ya kidevu hakuna mfupa wa kuzuia ngozi. Taya linazunguka mbele kama kiatu cha farasi, na katikati yake pana misuli laini inayobeba ulimi, kisha mafuta kidogo, kisha ngozi. Nyuma kidogo, pale shingo inapoanza kushuka, pana mfupa mdogo wa ulimi ambao haukuungana na mfupa mwengine wowote. Umening'inia kwa misuli. Ukiweka kidole chini ya kidevu ukakivuta kuelekea kooni, ile kona unayoikuta kabla ya kushuka shingoni ndiyo hapo. Kona hiyo ndiyo inayofanya taya lionekane limechorwa. Ikiwa kali, taya linaonekana. Ikiwa imefunguka, kidevu na shingo vinakuwa mteremko mmoja.

Sasa fikiria mkono wa baibui. Ukinyoosha mkono, kitambaa kimenyooka. Ukikunja kiwiko, kitambaa kile kile kinajikusanya ndani ya kiwiko na kufanya mikunjo, wala hukuongeza hata inchi moja ya kitambaa. Ndivyo inavyokuwa unapoinamia simu iliyo mapajani. Kidevu kinashuka kuelekea kifuani, nafasi kati ya taya na koo inapungua, na ngozi na mafuta yaliyokuwepo yanakosa pa kwenda ila kutokeza mbele. Mwenye mafuta machache atapata mkunjo mwembamba. Mwenye mafuta zaidi atapata mkunjo mnene. Lakini hata msichana mwembamba kabisa akiinama vya kutosha ataupata.

Huo ni mkao wa kwanza, wa kuinama. Wa pili ni wa hila zaidi, kwa sababu mtu anaufanya akiwa ameinua uso na anadhani amekaa vizuri. Baada ya miezi na miaka ya kuinamia simu, mgongo wa juu unakuwa mgumu na kupinda, na shingo inazoea kutoka mbele ya mabega. Mtu huyo akiinua macho amtazame mwenzake hairudishi shingo nyuma. Anaiacha pale pale mbele na kuvunja kisogo tu, kama kobe anayechungulia. Ukimtazama kwa ubavu, sikio lake liko mbele ya bega badala ya kuwa juu yake. Shingo inapanda kwa mshazari kutoka kifuani mpaka karibu na ncha ya kidevu, na ile kona tuliyoitaja inafunguka. Kidevu chake hakikupungua hata kidogo, lakini kinaonekana kifupi kwa sababu shingo imekifuata huko mbele. Na nyuma, pale shingo inapokutana na mgongo, panaanza kuonekana kinundu.

Simu inakutisha mara mbili

Yule mwari wetu tulimuuliza picha ile ilipigwaje. Binamu yake alikuwa amekaa chini kwenye zulia, simu iko karibu sana, na yeye biharusi yuko juu ya kochi ameinamisha uso kumtazama. Hapo mambo mawili yalikutana.

La kwanza ni kule kuinama. La pili ni kamera yenyewe. Kamera ikiwa karibu sana na uso, kitu kilicho karibu nayo zaidi kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani walichapisha hesabu yao kwamba selfi ya umbali wa sentimita 30 hivi inaikuza pua kwa takribani asilimia 30 ikilinganishwa na picha ya umbali wa mita moja na nusu. Kamera ikitoka chini, kilicho karibu si pua tena, ni sehemu ya chini ya uso. Basi mkunjo uliosababishwa na kuinama unakuzwa na kamera, kisha mtu anaitazama picha hiyo usiku kucha huku ameinama, na akiizima simu anajiona kwenye kioo cheusi kwa pembe ile ile mbaya.

Ndiyo maana hatukubali mtu aamue juu ya uso wake kwa selfi. Tulimfundisha kipimo kingine, nanyi mnaweza kukifanya leo chumbani. Tegesha simu yako kwenye rafu au juu ya kabati, iwe usawa wa mdomo, mbali nawe kama mita moja na nusu. Vua mtandio, funga nywele zisifunike shingo, weka saa ya kamera ijipige yenyewe. Piga picha tatu za ubavuni. Ya kwanza simama kama kawaida yako, bila kujirekebisha. Ya pili shika kitu mkononi kama unasoma ujumbe. Ya tatu jinyooshe kama vile kuna uzi umefungwa utosini unakuvuta juu, mabega yamelegea, macho yanatazama mbele sawasawa, kidevu hakikuinuliwa wala hakikushushwa. Tazama, linganisha, kisha futa. Picha za kichwa wazi hazina haja ya kukaa kwenye simu, wala hakuna haja ya kumtumia mtu.

Picha ya pili na ya tatu za mwari wetu zilikuwa kama za watu wawili. Kwenye ya pili taya lilikuwa limezama. Kwenye ya tatu lilikuwa na mstari mpaka karibu na sikio, na chini ya kidevu kulibaki ujazo kidogo tu. Hakuna mafuta yanayoyeyuka kwa dakika moja. Kilichotofautiana ni mkao.

Na hii ndiyo hukumu ya kipimo hicho. Kama picha ya tatu imesafika, shughulika na shingo na simu. Kama picha zote tatu ni sawa, basi huo ni umbile lako, au mafuta, au ngozi, na kunyoosha shingo hakutakupa taya jipya. Tutalirudia hilo, kwa sababu hatutaki kumdanganya mtu.

Ukuta hausemi uongo, fundo la nywele linasema

Kipimo cha pili ni ukuta. Simama visigino viwe mbele kidogo ya ukuta, kama upana wa vidole vinne, makalio na mabega ya nyuma yaguse. Tazama mbele. Bila kuinua kidevu, je, kisogo kimegusa ukuta? Kwa mtu ambaye shingo yake haijatoka mbele, kinagusa bila kujilazimisha. Kama hakigusi, mwambie dada yako aingize vidole kati ya kisogo na ukuta ahesabu.

Wanawake wa kwetu wanakosea kipimo hiki kwa njia mbili. Wengine hawafungui fundo la nywele, na fundo likigusa ukuta wanadhani ni kichwa. Wengine wanainua kidevu mpaka kisogo kifike. Ukifanya hivyo umeivunja shingo juu ili kuficha kwamba chini haijarudi, na huo ndio mkao wa kobe tuliousema. Mwari wetu alipofungua nywele na kuweka kidevu sawa, vilipita vidole vitatu.

Tulimuuliza anatumiaje simu, akatuonyesha. Mchana simu iko mapajani. Usiku analala na mito miwili, simu imesimama juu ya kifua, kidevu kimegota kooni, mpaka usingizi umchukue. Hiyo ya usiku ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu shingo inakaa imekunjwa kwa saa nzima bila kuguswa.

Hapa wengi wanatajiwa kilo. Mwaka 2014 daktari wa uti wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa kwamba kichwa cha mtu mzima, ambacho kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5.5 hivi, kikiinamishwa kwa nyuzi 60 kinailemea shingo kwa nguvu ya karibu kilo 27. Hesabu hiyo imezunguka dunia nzima, na wenye kuuza mikanda wanaipenda sana. Ni vyema mjue kwamba ilikuwa hesabu ya kompyuta, hakupima shingo za watu walio hai, na wala haina maana kwamba shingo itakatika. Shingo imeumbwa iweze kuinama. Taabu ni kuinama pale pale, muda mrefu, kila siku, mpaka misuli ya mbele ya ndani inayopaswa kuishika shingo inakuwa dhaifu, na ile ya nyuma inachoka kwa kuvuta.

Alichofanya kwa wiki sita

Cha kwanza hakikuwa zoezi. Kilikuwa ni kuipandisha simu. Bibi zetu hawakuweka msahafu mapajani; waliuweka juu ya marufaa, ukapanda kuelekea machoni. Simu nayo inataka marufaa yake. Weka mto mapajani, viwiko viegemee mto, simu ije juu mpaka uweze kuisoma kwa kushusha macho tu, shingo ikiwa imesimama. Usipokuwa na mto, mkono mmoja ushike simu na wa pili ubebe kiwiko cha ule wa kwanza. Kitandani, mto mmoja, na simu haipandi kitandani. Hili la mwisho alilipinga kwa siku nne, kisha akalikubali.

Cha pili ni zoezi dogo la kuamsha misuli ile ya ndani. Lala chali juu ya mkeka, weka kanga iliyokunjwa chini ya kisogo, tazama dari. Bila kunyanyua kichwa, kitelezeshe kisogo taratibu kuelekea juu, kama vile shingo ya nyuma inarefuka, na kidevu kishuke kidogo tu, kama unamuitikia mtu "ndiyo" kwa siri. Shikilia mpaka uhesabu kumi, ukipumua, kisha legeza. Rudia mara kumi, asubuhi na usiku. Weka vidole viwili ubavuni mwa shingo. Ukiisikia misuli minene imekakamaa kama kamba, umetumia nguvu nyingi, punguza. Meno yasigusane. Ukipata kizunguzungu, au ganzi ikishuka mkononi, acha na ukamuone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Cha tatu, kwa ule mgongo wa juu uliokakamaa: viringisha taulo, lilaze kwa upana chini ya mabega ya nyuma, lala juu yake dakika mbili, mikono imefunguliwa. Shingo hairudi mahali pake kama kinachoibeba kimepinda.

Na hapa kuna jambo linalowafanya wasichana wengi kuacha zoezi siku ya kwanza. Wanalifanya wamesimama mbele ya kioo, wanavuta kidevu nyuma, na kioo kinawaonyesha kidevu cha pili kikubwa kuliko cha kwanza! Ni kweli, kitatokea. Ukirudisha kidevu nyuma, unaikunja ile kona na nyama zinajikusanya. Lile ni zoezi, halina kazi ya kuwa pozi la picha. Huendi kutembea ukumbini hivyo, kama askari wa gwaride. Unalifanya ulale, usijitazame, ili misuli ijifunze kuishika shingo juu ya mabega bila wewe kuikumbuka. Ukishasimama, fikiria urefu tu: utosi juu, mabega chini, basi.

Mtandio nao una neno

Sisi tunaojisitiri tuna jambo jengine ambalo vitabu vya mazoezi havilisemi. Mtandio unazunguka uso na kukata picha pale pale chini ya kidevu. Ukikazwa sana na pini ikawekwa chini ya kidevu huku umeinua uso, kitambaa kinakuwa sawa. Lakini ukishusha uso tu, kitambaa hakina pa kulegea, kinasukuma nyama mbele, na panatokea kimkunjo juu ya ukingo ambacho hata mtu asiye na mafuta anakuwa nacho.

Kwa hiyo wakati wa kufungwa shela, mwambie mpambaji afunge ukiwa umekaa kwa urefu wako, unatazama mbele, meno yameachana kidogo. Kisha fungua mdomo, sema maneno mawili matatu, tazama chini, tazama pembeni. Kidole kimoja kipite kati ya kitambaa na ngozi. Na pini isogezwe pembeni, chini ya sikio, isikae katikati. Stara haipungui kwa kulegeza upana wa kidole, na taji zito likiwa juu ya shela lililokazwa litakuvuta shingo mbele kabla hujafika kwenye jukwaa.

Kushusha macho si kushusha shingo

Sasa tunafika pale ambapo tumebishana na mama zetu. Biharusi wa kwetu anakaa kwa haya. Somo anamwambia inama, usiwatazame watu. Wala hatusemi aache. Tunalosema ni kwamba haya iko machoni. Ukishusha kope ukaziacha shingo na kidevu mahali pake, watu wataona biharusi mtulivu mwenye heshima. Ukishusha shingo nzima kwa saa tatu kwenye jukwaa, wataona utosi wa taji, na wewe utaona mkunjo kwenye kila picha, na kesho yake utaamka na kichwa kinauma kisogoni.

Kiti pia kina dhambi yake. Makochi ya ukumbini ni ya chini na yenye kina kirefu. Ukiegemea, kiuno kinazama, mgongo unapinda, na kichwa kinatoka mbele chenyewe ili uone watu. Peleka mto mgumu mdogo, uwekwe nyuma ya kiuno chini ya shela, hakuna atakayeuona. Ukae mbele ya kiti kidogo, miguu ifike chini.

Na kwa picha ya mbele, mpiga picha anayejua kazi atakwambia ulete uso mbele kidogo kuelekea kamera na ushushe kidevu kidogo sana. Msichana aliyefanya mazoezi atashangaa: mbona hilo ni kinyume? Ni kinyume kweli, na linafanya kazi, kwa sababu linavuta ngozi ya chini ya taya na kamera ya mbele haioni kwamba shingo imetoka. Lakini ni la sekunde tatu, na ni la kamera iliyo mbele yako, usawa wa macho au juu kidogo. Mwenye kupiga video ubavuni wakati huo atakupata ukiwa kobe. Kubalianeni kabla: picha ya mbele unaleta uso, ikishapigwa unarudi kwenye urefu wako, na video inaendelea. Na waambie mabinamu wasikupige wakiwa chini kwenye zulia.

Mipaka ya maneno yetu

Tusidanganyane. Kunyoosha shingo hakubadilishi mfupa wa taya wa mtu mzima. Aliyeumbwa na kidevu kifupi, au mfupa wa ulimi uliokaa chini, ataendelea kuwa na kona iliyofunguka hata akisimama kama mnazi, na hiyo si ila. Kuna familia nzima hapa visiwani wana shingo hiyo kutoka kwa bibi, na ni wazuri. Uzito ukiongezeka, na umri ukisonga, ngozi inalegea, na shingo iliyonyooka itapunguza tu kinachoonekana.

Ubani mgumu unakuza misuli ya kutafuna, ambayo iko pembeni ya taya karibu na sikio. Hauna habari na chini ya kidevu, na ukizidisha unaumiza kiungo cha taya. Mkanda wa usiku unabana kwa muda, na asubuhi baada ya saa chache kila kitu kimerudi. Kubandika ulimi juu ya kaakaa, kama vijana wanavyofundishana mtandaoni, hakujathibitishwa kwamba kunamchonga mtu mzima taya.

Ama sindano, ipo dawa ya kweli, asidi ya deoksikoli, ambayo Marekani iliipa kibali mwaka 2015 kwa mafuta ya chini ya kidevu. Inachomwa na daktari, mara kadhaa, kwa kupishana kwa mwezi au zaidi. Baada ya kila mara eneo lile linavimba kwa siku kadhaa au zaidi, na ikichomwa pabaya inaweza kuugusa mshipa wa fahamu unaoshusha pembe ya mdomo, ukawa unacheka upande. Sasa jipigie hesabu: wiki sita kabla ya harusi, kwa mtu usiyejua kama ni daktari, na chupa usiyojua ndani mna nini. Kwetu sisi jawabu ni hapana.

Na kuna uvimbe ambao si wa urembo kabisa. Simama mbele ya kioo, inua uso kidogo, kunywa funda la maji. Kitu kikipanda na kushuka pamoja na koo unapomeza, chini kwenye shingo, hicho huenda ni tezi la shingo, yaani rovu. Uvimbe mgumu wa upande mmoja, au unaokua, vile vile. Hayo ni ya hospitali, wala usiyafunike kwa mtandio ukasubiri harusi ipite.

Ilivyokwisha

Siku tatu kabla ya nikaha tulimpeleka tena ukutani. Vilipita vidole viwili badala ya vitatu. Ni kidogo, na ndivyo inavyokuwa. Shingo iliyozoea miaka haihami kwa wiki sita. Lakini maumivu ya kisogoni ya jioni yalikuwa yamepungua, na, kubwa zaidi, alikuwa amejua kukaa. Kwenye picha za jukwaani kope zake ziko chini, shingo iko juu, na taya lake, lile lile la siku zote, linaonekana. Ujazo mdogo chini ya kidevu bado upo. Tulimuuliza kama tumwambie mpiga picha auondoe. Akaitazama picha kwa muda, akasema aiache, anafanana na mama yake.

Pesa ya sindano alinunulia mashine ya kushonea. Tumemwambia aiweke juu ya meza ndefu kidogo, asije akaiinamia.

Basi, dada yetu unayesoma hapa: simu iko wapi sasa hivi? Kama iko mapajani, ipandishe kwanza, ndipo tuagane. Allah awajaalie maharusi wetu wote ndoa za kheri na utulivu. Amin.